Nimechoma fyuzi za ufunguo kinyume kwenye bodi mbili za i.MX6, kuna namna ya kuziokoa?

Solda_Baridi

Wakuu, heshima kwenu. Nina tatizo nililolisababisha mwenyewe, na nimekosa usingizi siku mbili.

Tunatengeneza kidhibiti kinachotumia i.MX6 Quad. Kazi niliyopewa ni kuhakikisha chipu haiendeshi U-Boot yoyote isipokuwa ile tuliyoisaini sisi. Nilitengeneza funguo nne, nikapata jedwali la SRK pamoja na faili ya `SRK_1_2_3_4_fuse.bin` yenye baiti 32. Hizo baiti 32 ndizo zinazochomwa kwenye fyuzi za benki ya 3, maneno manane ya biti 32 kila moja.

Bodi ya kwanza, tuiite A, niliichoma maneno yote manane kwa skripti. Ya pili, B, nilianza kwa mkono. Nilipomaliza neno la kwanza tu, mwenzangu akaniuliza mbona namba zangu hazifanani na zake. Mimi nilisoma faili hivi:

```
$ xxd -l 4 SRK_1_2_3_4_fuse.bin
00000000: 7a1c 03e9                                z...

=> fuse prog -y 3 0 0x7a1c03e9
```

Yeye alisoma hivi:

```
$ od -An -tx4 --endian=little -N4 SRK_1_2_3_4_fuse.bin
 e9031c7a
```

Nimerudi kwenye maelekezo, yeye ndiye aliye sahihi. Bodi zote mbili bado zinawaka, ila A ikiwa na U-Boot iliyosainiwa inasema hivi kwenye `hab_status`:

```
Secure boot disabled
HAB Configuration: 0xf0, HAB State: 0x66

STS = HAB_FAILURE (0x33)
RSN = HAB_INV_CERTIFICATE (0x21)
CTX = HAB_CTX_COMMAND (0xC0)
```

Nina maswali mawili. Kwanza, kama ukaguzi umeshindwa, mbona bodi inaendelea kuwaka? Pili, kuna njia yoyote ya kuziokoa? Biti iliyochomwa haizimiki, hilo nalijua.

Kaka_Antena

Mkuu mbona unajisumbua. Ingia kwenye BIOS, zima Secure Boot, futa funguo zote, weka mpya. Laptopu yangu nimeshaifanyia hivyo mara tatu. Kama ina TPM, ifute nayo. Dakika tano kazi imeisha.

BiOsilo

Kaka Antena, ushauri wako unafaa kwa laptopu yako, ila bodi ya Solda ni kitu kingine. Nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi wanachanganya hapo.

Secure Boot ya laptopu ni programu inayokagua programu nyingine. Funguo zake zimehifadhiwa kwenye chipu ya flashi juu ya bodi, na programu inayofanya ukaguzi nayo imo kwenye flashi hiyohiyo. Ndiyo maana uliweza kuzifuta. Mtu mwenye klipu ya kushika miguu ya flashi naye ataweza, maana ataandika upya funguo na mkaguzi kwa pamoja. Swali ni moja tu: huyo mkaguzi wa kwanza alikaguliwa na nani? Laptopu nyingi siku hizi zina jibu, kwa mfano Boot Guard ya Intel, ambapo hashi ya ufunguo wa mtengenezaji imechomwa kwenye fyuzi za chipseti. Lakini hiyo haimo kwenye menyu yoyote ya BIOS, na wala huwezi kuifuta.

TPM nayo haizuii chochote kuwaka. Yenyewe inapokea vipimo na kuvikusanya. Ukiwasha programu mbovu, inaandika kwa uaminifu kabisa kwamba imewaka programu mbovu. Anayeamua la kufanya na habari hiyo ni mwingine.

Sasa Solda, kwenye i.MX6 mambo yako hivi. Umeme ukishatulia na chipu ikatoka kwenye riseti, prosesa haina hiari. Inaanza kusoma maagizo kutoka kwenye ROM iliyochorwa ndani ya silikoni kiwandani. Hakuna anayeweza kuiandika tena ROM hiyo, hata aliyeitengeneza. Inaangalia pini na fyuzi ijue iwake kutoka kwenye kadi, eMMC au kwingine. Inanakili U-Boot yako kwenye kumbukumbu, kisha inatafuta kile kipande kinachoitwa CSF, ambamo mna jedwali la SRK, vyeti na saini.

Hapo ROM inajiuliza jambo moja la msingi: jedwali hili la funguo nimeletewa na nani? Jedwali limetoka kwenye kadi, na kadi inaweza kuandikwa na yeyote. Kwa hiyo inapiga hashi ya jedwali na kuilinganisha na fyuzi. Ufunguo mzima haukai kwenye fyuzi kwa sababu ya nafasi: RSA ya biti 4096 ni baiti 512 kwa namba kuu peke yake, na wewe una funguo nne. Hashi ya SHA-256 ni baiti 32 tu. Jedwali likilingana, ndipo funguo zake zinaaminiwa, zinathibitisha vyeti vya chini yake, na mwisho saini ya U-Boot yenyewe. Kwako mnyororo umekatikia kwenye kiungo cha kwanza kabisa, ndiyo maana sababu iliyotolewa ni `HAB_INV_CERTIFICATE`, wala si saini mbovu. Ungekuta `HAB_INV_SIGNATURE` ningekuambia ukakague picha ya U-Boot. Hapa U-Boot haina kosa lolote.

Inawaka kwa sababu chipu bado iko wazi. Ile `0xf0` maana yake ni wazi. Katika hali hiyo ROM, kupitia sehemu yake ya ukaguzi iitwayo HAB, inakagua kila kitu, inaandika makosa kwenye daftari lake, halafu inaendesha programu hivyohivyo. Ukichoma biti ya kufunga, itasomeka `0xcc`, na kuanzia hapo kosa hilohilo linaizuia U-Boot isiwake kabisa. Kwa hiyo shukuru, na usiguse `fuse prog 0 6 0x2` kwenye bodi hizo. Ukiifunga A leo, hutaiwasha tena.

Solda_Baridi

Dada BiOsilo, asante sana. Nimepumua. Kwa hiyo A na B zinaweza kubaki bodi za majaribio, wazi daima?

Mpiga_Hesabu

Subirini, msizike watu wazima. Fyuzi inaweza kutoka 0 kwenda 1, sivyo? Basi hatuhitaji kuzima biti yoyote. Tengeneza funguo mpya, piga hashi ya jedwali, na uangalie kama ina 1 kila mahali ambapo fyuzi imeshachomwa. Ikiwa nayo, unaongeza zile 1 zilizobaki na bodi imepona. Endelea kutengeneza funguo mpaka upate jedwali linalofaa. Kompyuta ikeshe usiku mmoja na A na B zote zitapona.

Tena kuna njia fupi zaidi: choma biti zote 256 ziwe 1, halafu tafuta jedwali ambalo hashi yake ni FF tupu.

BiOsilo

Mpiga Hesabu, wazo lako la kwanza nimelipenda kuliko unavyodhani, ila hesabu haikutendewa haki. Tuanze na hiyo njia fupi tuiweke pembeni. Kutafuta jedwali lenye hashi ya FF tupu ni kutaka biti zote 256 ziangukie 1. Hilo halipatikani usiku mmoja wala maisha mazima.

Njia ya kwanza sasa. Kila biti ya hashi ni kama sarafu iliyorushwa. Kila fyuzi iliyokwisha kuchomwa inaidai sarafu moja iangukie 1. Kwa hiyo idadi ya majaribio ni 2 kwa kipeo cha idadi ya biti zilizochomwa. Solda, hesabu biti za 1 kwenye A.

Solda_Baridi

A ina 131. B ina neno moja tu, `0x7a1c03e9`, nimehesabu biti 15.

BiOsilo

Basi hatima zao ni mbili tofauti. A inahitaji majaribio 2^131. Hiyo haiponi. Iandike kwa wino mwekundu kwamba haifungwi, na ibaki ya maabara.

B inahitaji 2^15, yaani 32768. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja, tena huhitaji kutengeneza maelfu ya funguo za RSA. Jedwali lina nafasi nne na mpangilio wake unabadilisha hashi. Tengeneza funguo 20 tu. Ukichagua nne kati yake kwa mpangilio, unapata 20 × 19 × 18 × 17, ambayo ni majedwali 116280. Kwa wastani matatu au manne yatafunika biti zako 15. Uwezekano wa kukosa kabisa ni kama asilimia 3, na ukikosa unaongeza ufunguo wa 21.

Jedwali hilo halitakuwa la B peke yake. Litumie kwa bodi zote zijazo, maana kwa bodi mpya jedwali lolote ni sawa. Usalama haupungui. Mshambuliaji bado anatakiwa kupata jedwali lake lenye hashi ileile ya biti 256, na kujua kwamba biti 15 ni 1 hakumsaidii kitu, kwani hashi nzima si siri.

Tahadhari moja kabla hujachoma. Baadhi ya chipu hulinda maneno ya fyuzi kwa ECC, na neno lenye ECC linaandikwa mara moja tu. Ukirudi kuongeza biti, zile za ECC hazitalingana na neno linaharibika. Soma sura ya OCOTP ya chipu yako hasa, neno la benki ya 3, usisikilize mtu wa mtandaoni, nami nikiwemo. Halafu ukisoma fyuzi, tumia `fuse sense`. `fuse read` inasoma rejista za kivuli, hazikuonyeshi kilichomo kwenye fyuzi yenyewe.

Mpiga_Hesabu

Nakubali, nilikosea upande wa A. Lakini basi hilo linaniletea swali lingine. Kama mimi naweza kuongeza biti, mshambuliaji naye anaweza. Akipata U-Boot yenye amri ya `fuse`, si anaongeza biti mpaka zilingane na jedwali lake?

BiOsilo

Ni hesabu ileile ya bodi A. Hashi yako kamili ina karibu biti 128 za 1, kwa hiyo anahitaji jedwali lake lifunike zote hizo. Hawezi kuigeuza bodi iwe yake. Anachoweza ni kuiua: akiongeza biti moja tu, hashi yako haitalingana tena. Ndiyo maana baada ya kuchoma na kuhakiki, watu wanachoma pia `SRK_LOCK`, ili maneno hayo yasipokee maandishi tena.

Fundi_Mwangaza

Nimesoma uzi wote nikaona nilete langu, kwa sababu kwetu hatukuwa na kosa lolote kwenye `hab_status` na bado tulikuwa uchi.

Fyuzi zetu zilikuwa sahihi. `No HAB Events Found!` ilitokea kwenye kila bodi. Tulikuwa tayari kufunga. Kisha kijana mmoja mpya akauliza kama tumewahi kujaribu kuharibu faili iliyosainiwa tuone inakataa. Tulikuwa tumeharibu baiti moja ya mwanzo, HAB ikaandika kosa, tukaridhika. Yeye akaharibu mwishoni:

```
printf '\xff' | dd of=u-boot-signed.imx bs=1 seek=$((0x70000)) conv=notrunc
```

Akahakikisha kwa `cmp` kwamba baiti imebadilika kweli, akawasha. Hakuna kosa. Bodi ikaja juu kama kawaida.

Chanzo kilikuwa mstari huu wa CSF:

```
[Authenticate Data]
    Verification index = 2
    Blocks = 0x877ff400 0x00000000 0x0006dc00 "u-boot-dtb.imx"
```

Namba ya tatu ni urefu wa kinachosainiwa. Mtu aliiandika kwa mkono miezi ya nyuma. Baadaye U-Boot ikaongezewa mambo na kufikia `0x72c00`, lakini mstari ukabaki vilevile. Tofauti ni `0x5000`, baiti 20480 mwishoni mwa faili ambazo hakuna aliyezisaini. ROM haikulalamika kwa sababu iliambiwa ikague eneo fulani, ikalikagua, likawa sawa. Inahakikisha vichwa vya faili na mahali pa kuanzia kuendesha vimo ndani ya eneo hilo, na vilikuwemo.

Sasa sikieni lililotutia baridi. Mwishoni mwa `u-boot-dtb` ndipo panapokaa mti wa vifaa wa U-Boot. Na sisi tulitumia FIT yenye saini kukagua keneli. Ufunguo wa kukagua keneli unakaa wapi? Kwenye mti huohuo. Yaani sehemu ambayo haikusainiwa ndiyo iliyobeba ufunguo unaolinda kila kinachofuata. Mtu angebadilisha ufunguo huo kwa wake, akasaini keneli yake, na ROM ingempitisha kwa heshima zote.

Tangu siku hiyo skripti inapima urefu wa faili na kuandika CSF yenyewe. Na kila toleo tunaharibu baiti moja mwanzoni, katikati, mwishoni, na moja ndani ya mti wa vifaa. Zote nne lazima zilete kosa.

Solda_Baridi

Kaka Fundi, nimekwenda kuangalia CSF yetu sasa hivi. Urefu umeandikwa kwa mkono.

Fundi_Mwangaza

Basi hujapoteza bodi A bure.

Kitasa_Kimya

Mnanisamehe, mimi naona mnaijenga nyumba juu ya mchanga. ROM hiyohiyo mnayoiita mzizi ina mende. Mwaka 2017 Quarkslab walionyesha kwamba HAB ya i.MX inafurikisha staki inaposoma cheti cha X.509 kilichotengenezwa kwa hila, CVE-2017-7932. Kingine kilikuwa kwenye njia ya kupakia kwa USB, CVE-2017-7936. Mwaka 2018 ikaja Tegra X1, ile iliyofungua Nintendo Switch, tena kwa USB ya uokozi. Mwaka 2019 ikaja checkm8 ya simu za Apple, chipu za A5 hadi A11, na yenyewe kwa USB. Kila mara ni ROM na haiwezi kurekebishwa kwa bodi zilizokwisha kuuzwa. Kwa hiyo hizi fyuzi zinamzuia nani hasa?

BiOsilo

Kitasa, mifano yako ni ya kweli, na kama bidhaa ya Solda ina silikoni ya zamani lazima aangalie toleo la chipu yake, kwa sababu marekebisho yalikuja kwenye silikoni mpya tu. Hilo la cheti ni baya kuliko yote kwa mtu wa i.MX, kwa kuwa linaguswa ndani ya ukaguzi wenyewe.

Ila tazama ulichotaja. Tatu kati ya nne zimeingia kwa USB. ROM inayosoma eMMC inahitaji msimbo mfupi. ROM inayozungumza USB inapokea vifurushi vyenye urefu unaochaguliwa na mtu wa upande wa pili, na kwenye Tegra kosa lilikuwa hilohilo: ombi la USB liliruhusiwa kunakili baiti nyingi kuliko zilizostahili, zikafunika staki. Yote hayo yanatokea kabla ya saini yoyote kukaguliwa. Somo la vitendo ni kuifunga njia ya USB kwa fyuzi pale chipu inaporuhusu, mara bidhaa inapotoka kiwandani. Anayezuiwa ni yule anayeweza kuandika eMMC, kwa mfano aliyeingia kupitia mtandao na kutaka kubaki hata baada ya kuzima na kuwasha. Huyo hana kebo ya USB mkononi.

Kitasa_Kimya

Na mwenye bodi mkononi? Kuna wanaotikisa umeme wa prosesa kwa muda mfupi sana ili iruke agizo la kulinganisha. ESP32 ya kwanza iliangushwa hivyo mwaka 2019.

BiOsilo

Ndiyo, iliangushwa, na i.MX6 haikutangazwa kuwa na kinga kamili dhidi ya hilo. Unaweza kuona dalili za uangalifu: HAB haitumii 0 na 1 kwa hali zake. Wazi ni `0xf0`, imefungwa ni `0xcc`, na ukizipanga kwa biti utaona zinatofautiana sehemu nne, kwa hiyo biti moja ikigeuka haikupeleki kutoka hali moja hadi nyingine. Lakini hiyo inasaidia dhidi ya biti iliyogeuka, haisaidii dhidi ya agizo lililorukwa. Kama adui wako ana bodi, muda na vifaa vya maabara, chagua chipu iliyoundwa kwa ajili hiyo. Sitakudanganya kwamba fyuzi zinatosha.

Kitasa_Kimya

Hapo tumeelewana nusu. Bado nadhani watu wanafunga chipu wakidhani wamemaliza.

Mama_Kiwanda

Nimesimamia laini ya uzalishaji miaka kadhaa, na kwangu yote haya ni madogo ukilinganisha na swali moja: funguo za siri za SRK ziko wapi sasa hivi? Solda, usinijibu hapa hadharani. Jijibu mwenyewe. Kama ziko kwenye kompyuta inayojenga programu kila usiku, basi hashi ya biti 256 inalindwa na neno la siri la kompyuta hiyo.

Na mjue mpaka wa kubatilisha. Funguo ni nne, lakini fyuzi za kubatilisha ni tatu. Ufunguo wa nne haubatilishwi. Sisi tulisaini kwa wa kwanza; wa pili na wa tatu tukaziweka kwenye sanduku la chuma sehemu mbili tofauti, na wa nne hatukuugusa kabisa.

Mpiga_Hesabu

Mama, mimi naona ingekuwa bora sasisho lenyewe lichome fyuzi ya kubatilisha bila kuuliza mtu, mara ufunguo wa kwanza unapovuja. Ukisubiri mafundi waende kila mahali, umechelewa.

Mama_Kiwanda

Mwanangu, na sasisho hilo likiwa limesainiwa kwa ufunguo wa kwanza kwa makosa? Bodi itabatilisha ufunguo unaoiwasha yenyewe. Nimeona bodi zikirudi kwenye masanduku kwa kosa la namna hiyo. Mimi nasema iwake kwanza kwa ufunguo wa pili, ithibitishe imewaka, ndipo ichome.

Kitasa_Kimya

Na kwa muda huo wote toleo la zamani, lililosainiwa kihalali kwa ufunguo wa kwanza, linakubalika. Mshambuliaji analirudisha na kutumia mende wake wa zamani.

Mama_Kiwanda

Ndiyo. Ni kuchagua kati ya dirisha hilo na masanduku. Mimi nilichagua dirisha.

Mpiga_Hesabu

Mimi ningechagua masanduku. Samahani Mama, sijashawishika.

Solda_Baridi

Wakuu, narudi na ripoti. Nimetengeneza funguo 20 kwenye kompyuta isiyo na mtandao, nikapitisha mipangilio yote 116280. Kiini cha skripti ni hiki, `h` ikiwa ni hashi ya jedwali:

```
w = int.from_bytes(h[0:4], "little")
if w & 0x7a1c03e9 == 0x7a1c03e9:
    print(order, hex(w))
```

Nimepata majedwali manne. Nililolichagua, neno lake la kwanza ni `0xfb3c47ed`, kwa hiyo kwenye B nitaongeza biti 6 kwa neno hilo, kisha maneno saba yaliyobaki yakiwa mapya kabisa. Funguo 16 ambazo hazikutumika nitaziharibu. Mara hii baiti nimezisoma mara mbili, kwa `od` na kwa Python, na mwenzangu amezisoma peke yake bila kuona zangu.

Bado sijachoma. Ninasoma sura ya OCOTP, nikianzia na hilo la ECC. CSF sasa inaandikwa na skripti kulingana na urefu wa faili. Bodi A nimeibandika karatasi nyekundu.

BiOsilo

Vizuri. Ukishachoma B, soma maneno yote manane kwa `fuse sense` na uyalinganishe na faili kabla hujaizima. Kisha izime kabisa, toa umeme, washa, na ulete hapa `hab_status` yake. Baada ya hapo zile baiti nne za Fundi Mwangaza. Biti ya kufunga iwe ya mwisho kabisa, siku nyingine, ukiwa umelala vizuri.

Kaka_Antena

Mimi nimebaki na swali. Kumbe laptopu yangu nikizima Secure Boot, ile Boot Guard bado inafanya kazi?

BiOsilo

Kama mtengenezaji aliiwasha kiwandani, ndiyo, inaendelea chini kwa chini. Fungua uzi mwingine kaka, huo ni mrefu.